Uwiano, usawia na kiwango: jinsi ya kutambua swali la mtihani linataka kipi

Fundi amechanganya lita 6 za rangi ya buluu na lita 10 za rangi nyeupe. Mchanganyiko huo wote umetosha kupaka ukuta wenye eneo la mita za mraba 128. Kutokana na taarifa hiyo, mtahini anaweza kuuliza maswali matatu yanayofanana sana kwa sura:

1. Buluu na nyeupe zimechanganywa kwa uwiano gani?
2. Akiwa na lita 9 za buluu, aweke nyeupe kiasi gani ili apate rangi ileile?
3. Lita moja ya mchanganyiko inapaka eneo gani?

Jibu la kwanza ni 3:5, la pili ni lita 15, la tatu ni mita za mraba 8 kwa lita. Hesabu zote tatu ni za kuzidisha na kugawanya tu, na ndiyo maana zinachanganywa. Swali la kwanza ni la uwiano, la pili ni la usawia, la tatu ni la kiwango. Ukiangalia majibu hayo utaona kila moja lina umbo lake: la kwanza ni namba mbili zisizo na kipimo, la pili ni kiasi cha kitu kimoja, la tatu ni namba iliyobeba vipimo viwili. Umbo hilo la jibu ndilo tutakalolitumia kutambua swali, lakini kwanza tuweke wazi kila kimoja ni nini.

Uwiano hulinganisha vitu vya aina moja

Uwiano unaeleza kiasi kimoja ni mara ngapi ya kingine. Lita kwa lita, mita kwa mita, watu kwa watu. Kwa kuwa vipimo ni vilevile pande zote mbili, vinafutana na kubaki namba tupu. Lita 6 kwa lita 10 ni 6:10, na ukigawanya pande zote kwa 2 unapata 3:5.

Vipimo visipofanana, vifananishe kabla ya kuandika chochote. Ukiulizwa uwiano wa kamba ya sentimita 40 kwa kamba ya mita 2, usiandike 40:2. Mita 2 ni sentimita 200, kwa hiyo uwiano ni 40:200, yaani 1:5. Aliyeandika 20:1 amesema kamba fupi ni mara ishirini ya ndefu, na angesoma jibu lake kwa sauti angeshtuka.

Mpangilio nao una maana. Swali likisema "nyeupe kwa buluu", jibu ni 5:3. Namba zifuate mpangilio wa maneno ya swali, hata kama mwanzoni mwa taarifa buluu ilitajwa kwanza.

Kosa linalokula alama nyingi zaidi hapa ni kuchanganya sehemu kwa sehemu na sehemu kwa jumla. Uwiano wa buluu kwa nyeupe ni 3:5, lakini buluu si 3/5 ya mchanganyiko. Mchanganyiko una sehemu 3 + 5 = 8, hivyo buluu ni 3/8 na nyeupe ni 5/8. Kuna njia rahisi ya kujikagua: jumlisha visehemu ulivyoandika. 3/8 na 5/8 vinatoa kimoja kizima, sawasawa na inavyotakiwa. Anayesema buluu ni 3/5 anabakiza 2/5 tu kwa nyeupe, yaani nyeupe iwe chache kuliko buluu, wakati taarifa inasema kinyume.

Kwa hiyo kila unapokutana na uwiano, uliza: namba niliyopewa pamoja nao ni ya nini? Mchanganyiko wote ukiwa lita 40, gawanya kwa 8. Nyeupe peke yake ikiwa lita 40, gawanya kwa 5. Na kama umeambiwa nyeupe imezidi buluu kwa lita 6, gawanya kwa 2, kwa sababu tofauti ya sehemu ni 5 − 3. Katika hali hiyo ya mwisho sehemu moja ni lita 3, buluu ni lita 9 na nyeupe ni lita 15. Uwiano ni uleule, lakini kigawanyo kinabadilika kulingana na kile ulichopewa.

Usawia ni dai kwamba uwiano haubadiliki

Uwiano ni maelezo ya hali moja. Usawia unahitaji hali mbili: unadai kwamba jozi hii ya namba na jozi ile zina uwiano uleule. Katika swali la pili la fundi, tunadai kwamba 3/5 = 9/x. Kuna namba nne, tatu zinajulikana, moja inatafutwa. Buluu imezidishwa kwa 3 kutoka 3 hadi 9, basi nyeupe nayo izidishwe kwa 3, kutoka 5 hadi 15. Namba zisipokuwa nzuri hivyo, zidisha ya juu ya upande mmoja kwa ya chini ya upande wa pili: 3x = 45, x = 15.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Uzito uko kwenye neno "dai". Dai linaweza kuwa la uongo, na hesabu haitakuambia. Ni lazima swali lenyewe likupe ruhusa, na ruhusa hiyo hujificha katika maneno kama "rangi ileile", "kwa mwendo uleule", "wote wanafanya kazi kwa kasi sawa", "kwa kipimo kilekile". Nimeona wanafunzi wakiruka maneno haya wakidhani ni mapambo ya sentensi. Ukiyaona, yapigie mstari. Hayo ndiyo yanayokuambia kuna kitu kisichobadilika.

Kisha uliza ni kitu gani hasa hakibadiliki. Ikiwa kiasi kimoja kikigawanywa kwa kingine kinatoa namba ileile siku zote, huo ni usawia wa moja kwa moja: kimoja kikiongezeka mara mbili, na kingine kinaongezeka mara mbili. Ikiwa kisichobadilika ni zao la kuzidisha, huo ni usawia wa kinyume: kimoja kikiongezeka mara mbili, kingine kinapungua hadi nusu. Wafanyakazi 6 wakimaliza kazi kwa siku 10, kazi yote ni 6 × 10 = siku-kazi 60. Wafanyakazi 4 wenye kasi hiyohiyo wataimaliza kwa 60 ÷ 4 = siku 15. Aliyeandika 6/10 = 4/x atapata siku kama 6.7, yaani watu wachache wamalize mapema zaidi, jambo lisilowezekana.

Kiwango hulinganisha vitu vya aina tofauti

Mita za mraba kwa lita. Kilomita kwa saa. Gramu kwa sentimita ya ujazo. Hapa vipimo havifutani, vyote viwili vinabaki, na jibu lisilo navyo halijakamilika. "8" si jibu la swali la tatu la fundi. "Mita za mraba 8 kwa lita" ndilo jibu.

Kiwango kina uelekeo, na uelekeo huo hujulikana kwa neno linalofuata "kwa" au "kwa kila". Kinachotajwa baada ya "kwa kila" ndicho kinachogawanya. Eneo kwa kila lita ni 128 ÷ 16 = 8. Lita kwa kila mita ya mraba ni 16 ÷ 128 = 0.125. Yote mawili ni kweli, lakini moja tu ndilo lililoulizwa.

Jambo jingine ambalo mitihani hulipenda ni wastani wa kiwango. Gari limekwenda kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia hiyohiyo kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wake si 50. Kwenda limetumia saa 2, kurudi saa 3. Jumla ni kilomita 240 kwa saa 5, yaani kilomita 48 kwa saa. Limekaa muda mrefu zaidi katika mwendo mdogo, ndiyo maana wastani umevutwa chini. Jibu la 50 lingekuwa sahihi kama gari lingesafiri muda sawa katika kila mwendo, wala si umbali sawa. Kiwango cha jumla hupatikana kwa jumla ya kitu kimoja kugawanywa kwa jumla ya kingine, bila njia ya mkato.

Hatua za kusoma swali

Anzia mwishoni. Soma sentensi inayouliza kabla ya kuanza kucheza na namba, kisha uandike pembeni umbo la jibu likiwa tupu: "___ : ___" ikiwa ni uwiano, "dakika ___" au "lita ___" ikiwa unatafuta kiasi, "lita ___ kwa dakika" ikiwa ni kiwango. Inachukua sekunde chache na inakuzuia kumaliza hesabu nzuri ya swali ambalo halikuulizwa.

Pili, andika kila namba ya taarifa pamoja na kipimo chake na jina la kitu chake. Kwa mfano, katika swali la mabomba A na B tutakalolifanyia kazi hapa chini, usiandike "3", andika "sehemu 3 za A". Usiandike "24", andika "dakika 24, A na B pamoja". Hapo ndipo utakapoona kama namba mbili ni za aina moja au la.

Tatu, tafuta kisichobadilika. Kinaweza kuwa uwiano, zao, kiwango, au kiasi kimoja kilichoachwa kama kilivyo wakati kingine kinabadilishwa.

Nne, ikiwa unataka kutumia usawia, ufanyie kwanza jaribio la mara mbili. Jiulize: nikiongeza hiki mara mbili, kile kitaongezeka mara mbili, kitapungua hadi nusu, au hakitafanya lolote kati ya hayo? Jibu likiwa la tatu, usawia hauhusiki, hata kama swali lina namba tatu na nafasi moja iliyo wazi.

Usitegemee neno moja la swali kukuamulia. Neno "uwiano" mara nyingi hutumika kutoa taarifa tu, huku kinachoulizwa ni muda au kiasi. Na "kwa kila" huweza kutokea katika swali ambalo hatimaye linataka uwiano wa viwango viwili, ambapo vipimo vinafutana na kubaki namba tupu.

Swali moja likifanyiwa kazi mpaka mwisho

Bomba A na bomba B yanajaza tangi la lita 600. Yakifunguliwa pamoja tangi likiwa tupu, linajaa kwa dakika 24. Kiwango cha A kwa kiwango cha B ni kwa uwiano wa 3:2, na mabomba hayabadilishi mwendo wake.

(a) Tafuta kiwango cha kila bomba.
(b) Bomba B peke yake litajaza tangi tupu kwa muda gani?
(c) Tafuta uwiano wa muda wa A peke yake kwa muda wa B peke yake.
(d) Tangi likiwa tayari na lita 120, yote mawili yatalijaza kwa muda gani?

Sehemu (a) inaomba kiwango, kwa hiyo umbo la jibu ni "lita ___ kwa dakika", mara mbili. Uwiano 3:2 umetolewa kama taarifa. Ni uwiano wa nini? Wa viwango. Basi kitu cha kugawanywa kwa sehemu 3 na 2 lazima kiwe kiwango, na kiwango cha pamoja ni 600 ÷ 24 = lita 25 kwa dakika. Sehemu ni 5, kila moja ni lita 5 kwa dakika. A ni lita 15 kwa dakika, B ni lita 10 kwa dakika.

Hapa ndipo penye mtego wenyewe. Mwanafunzi anayeona 3:2 na dakika 24 huvutwa kugawanya dakika: 24 ÷ 5 = 4.8, halafu A dakika 14.4 na B dakika 9.6. Angalia anachosema: bomba moja peke yake linajaza tangi kwa muda mfupi kuliko mawili pamoja. Zaidi ya hayo, A lenye kasi kubwa limechukua muda mrefu zaidi. Kosa halikuwa kwenye kugawanya, lilikuwa kwenye kutumia uwiano wa viwango kugawa muda.

Sehemu (b) inaomba kiasi: "dakika ___". Kiwango cha B tunacho, ujazo tunao, kwa hiyo 600 ÷ 10 = dakika 60. Ukitaka kuhakikisha uelekeo wa kugawanya, fuata vipimo: lita ukizigawa kwa lita-kwa-dakika zinabaki dakika. Ungezidisha ungepata kipimo kisicho na maana yoyote hapa.

Sehemu (c) inaomba uwiano. A peke yake ni 600 ÷ 15 = dakika 40. Uwiano ni 40:60, yaani 2:3. Linganisha na 3:2 ya viwango. Umegeuka, na si kwa bahati: ujazo wa tangi ndio usiobadilika, nao ni zao la kiwango na muda. Hali ya usawia wa kinyume hugeuza uwiano wa jozi. Anayelijua hili anaweza kujibu (c) bila kukokotoa dakika hata moja, lakini anayenakili 3:2 kutoka kwenye swali amepoteza alama iliyokuwa mkononi.

Sehemu (d) inafanana na usawia kwa nje. Mtu anaweza kudhani kwamba maji yaliyomo tangini ni sawia na muda, kwa hiyo lifanyie dai hilo jaribio la mara mbili. Tengeneza orodha fupi ya maji yaliyomo tangini:

dakika 0: lita 120
dakika 4: lita 220
dakika 8: lita 320

Kiwango ni kilekile muda wote, lita 25 kwa dakika. Lakini kutoka dakika ya 4 hadi ya 8 muda umeongezeka mara mbili, na maji hayajaongezeka mara mbili. 220 mara mbili ni 440, wala si 320. Maji yaliyomo tangini si sawia na muda, kwa sababu yalianza juu ya sifuri. Kilicho sawia na muda ni maji yaliyoongezwa: 0, 100, 200. Kwa hiyo tunafanya kazi na nyongeza inayohitajika, 600 − 120 = lita 480, na 480 ÷ 25 = dakika 19.2.

Sehemu ya desimali igeuzwe kwa uangalifu: 0.2 ya dakika ni 0.2 × 60 = sekunde 12. Jibu ni dakika 19 na sekunde 12, si dakika 19 na sekunde 20.

Naomba uikalie sehemu (d) kwa muda. Ndiyo inayotenganisha kiwango na usawia waziwazi kuliko maelezo yoyote: unaweza kuwa na kiwango kisichobadilika kabisa bila kuwa na usawia. Usawia wa moja kwa moja unataka kiwango kisichobadilika na pia mwanzo wa sifuri. Popote swali linapotaja kiasi kilichokuwapo kabla ya kuanza kupima, kitoe kwanza.

Uwiano unapobadilishwa katikati ya swali

Kuna aina moja ya swali inayohitaji nafasi yake, kwa sababu ina uwiano mara mbili na bado si ya usawia. Katika kikundi, wavulana kwa wasichana ni 4:5. Wavulana 6 wakaongezeka, uwiano ukawa 1:1. Wasichana ni wangapi?

Anayeandika 4/5 = 1/1 amedai jambo la uongo papo hapo; uwiano umebadilika, hilo ndilo swali lenyewe. Na anayejumlisha 4 + 6 amechanganya sehemu na watu, kwa sababu 4 ni sehemu nne na 6 ni watu sita.

Rudi kwenye hatua ya tatu: kisichobadilika ni nini? Wasichana. Basi andika uwiano wa mwanzo na wa mwisho ukiwa na namba ileile upande wa wasichana: 4:5 na 5:5. Sasa sehemu zina ukubwa mmoja, na wavulana wamepanda kutoka sehemu 4 hadi 5. Sehemu hiyo moja ndiyo wale wavulana 6. Wasichana ni sehemu 5, yaani 30, na wavulana walikuwa 24 wakawa 30.

Kama badala yake wavulana 6 wangeondoka na wasichana 6 wakaingia, kisichobadilika kingekuwa jumla ya kikundi, na ungefananisha jumla za sehemu. Kama watu 6 wangeongezwa kila upande, kisichobadilika kingekuwa tofauti kati ya pande hizo mbili, na ungefananisha tofauti za sehemu.